Tuzo Ibebe Tendo, Isibebe Mtu

Hotuba kwa wasimamizi wa wafanyakazi na wanakamati wa tuzo za kampuni, Nairobi

Ndugu wasimamizi, wanakamati, nanyi mliotoka Embakasi alfajiri kuukwepa msongamano, hamjambo.

Nianze na barabara zilizowaleta hapa. Barabara ya Kenyatta iliwahi kuwa ya Delamere. Mtaa wa Kimathi ulikuwa wa Hardinge. Barabara Kuu ya Uhuru ilikuwa ya Binti Mfalme Elizabeth. Jiji hili limebadilisha majina ya watu kwa majina ya watu wengine, na mara moja moja kwa jina la jambo, kama hilo la Uhuru. Wala sina ugomvi na mtaa kuitwa kwa jina la mtu. Hakuna anayepita Mtaa wa Kimathi akasimamishwa pale kwenye sanamu na kuulizwa kama anafanana na Kimathi.

Tuzo ya wafanyakazi ni kitu kingine. Kila mwaka kamati inakaa mezani na kumlinganisha mtu aliye hai na maneno yaliyoandikwa kwenye ngao. Maneno hayo yakiwa jina la mtu, kamati itamlinganisha mtu na mtu, hata kama fomu imeandikwa vigezo vingine kabisa. Ndiyo maana nawaomba leo tuongee juu ya jina tu. Bajeti, chakula cha jioni na nani atashika kipaza sauti mtayapanga wenyewe.

Tuseme tuzo imepewa jina la mwanzilishi wa kampuni, na mwanzilishi alikuwa mtu wa mauzo, mchangamfu, wa kufunga safari Mombasa usiku na kurudi na mkataba asubuhi. Fomu ya mapendekezo inataja ubunifu, ushirikiano na huduma kwa mteja. Mwaka wa kwanza anashinda mtu wa mauzo, na hakuna anayeshangaa. Mwaka wa pili anashinda mtu wa mauzo. Mwaka wa nne mhasibu aliyezuia malipo ya ankara iliyoletwa mara mbili anapendekezwa, kamati inamsifu sana, kisha mtu mmoja anasema, “Lakini hii ni tuzo ya Mzee.” Mjadala umeishia hapo. Hakuna aliyedanganya wala kupendelea ndugu yake. Jina limekuwa kigezo cha kwanza, na kila aliye mezani amelisoma kabla ya vigezo vilivyoandikwa.

Mnaweza kujipima bila mshauri wa kulipwa. Chukueni majina ya washindi wa miaka mitano iliyopita. Pembeni mwa kila jina andikeni idara, miaka aliyofanya kazi, na kama yuko zamu ya mchana au ya usiku. Wanne kati ya watano wakitoka idara moja, au wote wakiwa wa mchana na walinzi na madereva wa usiku hawaonekani kamwe, mna tuzo inayotafuta sura. Kisha someni fomu za mapendekezo zenyewe. Hesabuni ngapi zinaeleza tendo lenye tarehe na ngapi zinasema “ana moyo kama wa fulani”. Hizo za pili ndizo zinazoonyesha jina linafanya kazi gani.

Shida nyingine ya jina la mtu ni kwamba tuzo inafungwa kwenye maisha yake. Akiwa hai anaweza kugombana na wanahisa, akauza hisa, akahamia kampuni shindani, au akashtakiwa. Akiwa ameaga dunia, bado historia yake inaweza kusomwa upya. Hata vyama vikubwa havikuepuka hili. Kule Marekani, ngao za mchezaji bora wa mwaka wa besiboli ziliandikwa kwa miaka mingi jina la Kenesaw Mountain Landis, kamishna wa kwanza wa mchezo huo, aliyeshika ofisi hiyo kuanzia 1920 hadi alipofariki 1944. Wachezaji weusi hawakuchezeshwa katika ligi kuu kwa kipindi chote hicho. Mwaka 2020 waandishi wa besiboli, ambao ndio huitoa tuzo, walipiga kura kuliondoa jina lake.

Tazameni kilichobaki baada ya kura hiyo. Watu walikuwa wakiiita tuzo ya mchezaji bora, na ni tuzo ya mchezaji bora mpaka leo. Kwa kuwa ilishakuwa na jina la kazi inayoipima, kuondoka kwa jina la mtu hakukuitikisa. Tuzo isiyo na jina jingine zaidi ya la mtu ingelazimika kuanza upya.

Na tusidhani ni lazima mtu awe na doa ndipo jina lake lilete matatizo. Mtu mwema kabisa analeta tatizo lake: hakuna anayethubutu kuigusa tuzo. Ukipendekeza vigezo vibadilike, utaonekana unamvunjia heshima marehemu. Ukisema mwaka huu hakuna aliyestahili, familia yake iliyoalikwa na kuketishwa mstari wa mbele itaona umeikosea.

Nchi yetu yenyewe ina mfano mzuri karibu. Nishani za taifa hazikupewa jina la kiongozi yeyote. Kuna za Moyo wa Dhahabu, kuna za Mkuki Uwakao ambazo tunaziona kama herufi EBS au MBS mwishoni mwa jina la mtu, kuna ya Shujaa Mkuu, OGW. Hata ile pongezi ya Mkuu wa Nchi, HSC, imetaja ofisi, haikumtaja aliyeishika. Marais wamepishana na herufi ni zilezile.

Basi tukikubaliana kwamba jina litoke kwenye maadili, wengi hufanya haraka: wanafungua kijitabu cha maadili ya kampuni, wanachukua neno la kwanza, wanalipeleka kwa fundi wa kuchonga ngao. Hapo wanaingia shimo la pili, na nataka tukae hapa kidogo kwa sababu Kiswahili kinaadhibu uzembe huu.

Chukueni “Tuzo ya Uaminifu”. Neno hili lina maana mbili zinazotembea pamoja. Moja ni ukweli: huibi, hudanganyi. Ya pili ni kutomwacha mtu au kampuni yako. Bosi amekusudia ya kwanza, wafanyakazi wanasikia ya pili, na tuzo inageuka kuwa ya aliyekaa miaka mingi. Tena ukimpa mmoja kati ya makarani kumi tuzo ya uaminifu, wale tisa watauliza kimoyomoyo wao wamefanya nini.

“Tuzo ya Kujitolea” nayo ina historia yake katika ofisi za mji huu. Kujitolea ni kufanya bila malipo. Itangazeni mbele ya watu wanaodai saa za ziada za mwezi uliopita, kisha msikilize kicheko cha meza za nyuma. “Tuzo ya Uvumilivu” sitaigusa, mwaka ambao mishahara haikupanda. “Uadilifu” ni neno zuri lakini ni pana mno. Mwulizeni dereva na mhasibu lina maana gani kazini, na mtapata majibu mawili yasiyokutana, au mtapata kimya. “Ubora” halisemi chochote, ni kama kusema tuzo ya tuzo.

Kosa lililo katika yote hayo ni moja. Sifa iliyo ndani ya mtu haionekani, kwa hiyo kamati inalazimika kukisia moyo wake, na kukisia moyo wa mtu ni kurudi kulekule kwenye kufanana na kupendwa. Jina linalosaidia ni lile linalotaja tendo ambalo mtu mwingine anaweza kuliona, akalitaja kwa tarehe, na likafanywa na mtu wa idara yoyote.

Tulifanyie kazi kwa mfano. Hii ni kampuni ya kufikirika, msiitafute. Iko Embakasi, ina wafanyakazi 140, inasambaza dawa na chanjo zinazohitaji ubaridi. Msimamizi wa stoo amestaafu baada ya miaka mingi, kila mtu anampenda, na bodi imependekeza tuzo ya mwaka iitwe kwa jina lake.

Kamati isikatae papo hapo. Iulize swali hili: alikuwa akifanya nini hasa, kilichofanya watu waseme jina lake? Majibu ya mwanzo yatakuwa mepesi, kwamba alikuwa mzee mwenye hekima, alikuwa baba kwetu. Waulizwe tena: mara ya mwisho ulimwona akifanya hivyo ilikuwa lini, na alifanya nini kwa mikono yake? Sasa yanatoka. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Kipimajoto cha lori kikisoma 9 asubuhi, yeye hakuruhusu masanduku yapakiwe, hata dereva akilalamika kwamba Thika wanasubiri. Aliandika kwenye daftari saa na kipimo, akampigia fundi wa mitambo ya ubaridi, akangoja. Na lori halikuwa limeharibika bado. Mpira wa kuziba mlango ulikuwa umeanza kupasuka.

Hapo tumemwacha mtu na tumepata tendo: kuona kasoro ikiwa ndogo, kuitaja kwa anayehusika, kutoiachia mpaka irekebishwe.

Sasa kamati iende ikatafute tendo hilohilo mahali pengine, vinginevyo tutakuwa na tuzo ya stoo. Ipitie madaftari ya matukio ya miezi kumi na miwili na kuchagua visa kama kumi na viwili. Mlinzi aliyesikia jenereta ikiguguma usiku na kumwita fundi kabla haijazima. Karani wa ankara aliyekuta nambari moja imetumika mara mbili. Mfagizi aliyeona maji yakichuruzika karibu na swichi. Ikiwa visa vinatoka idara nne au zaidi, tendo linafaa. Vikitoka moja tu, rudini mezani mtafute jingine, kwa sababu tuzo ambayo nusu ya kampuni haiwezi kuishinda haina maana kuipa jina zuri.

Baada ya hapo ndipo jina. Kiswahili kimeshatusaidia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kila mtu ukumbini analijua neno hilo tangu darasani. Kamati inaandika majina matatu: Tuzo ya Uwajibikaji, Tuzo ya Kusema Mapema, Tuzo ya Ufa.

Yajaribuni kwa watu kumi ambao hawakuwa kwenye kamati, wa zamu na vyeo mbalimbali, mmoja mmoja, bila maelezo. Msiwaulize kama wanalipenda jina. Waulizeni, “Ukisikia mtu amepewa tuzo hii, unadhani amefanya nini?” Andikeni jibu kama lilivyosemwa. Saba kati ya kumi wakikaribia tendo lenyewe, jina linabeba. Wakiwa wanne, libadilisheni, hata kama mkurugenzi ameshalipenda.

Uwajibikaji itaanguka. Wengi watasema ni mtu anayefika kazini kwa wakati. Kusema Mapema itafika karibu, ila ina upungufu: inamsifu anayesema na kwenda zake, nasi tulitaka anayefuatilia. Tena wapo watakaodhani ni mtu wa kupeleka maneno kwa bosi. Jina likinuka umbea, hakuna atakayetaka kulipokea.

Ya Ufa inaeleweka upesi, lakini ina ajali yake, na ajali hii mtaikuta kwenye majina mengi. Watu hawatasema jina zima. Nairobi hakuna jina refu linalomaliza wiki mbili. Watalikata, na watakapolikata itakuwa “amepewa Ufa”. Mtu ameitwa jukwaani na mke wake akiwepo, na kinachosemwa ni kwamba amepewa ufa! Kwa hiyo kila jina lisemwe kwa kifupi chake kabla halijapitishwa: amepewa nini, amepata nini, yeye ni nani. Hapa dawa ni kuhamisha jina kutoka kwenye kasoro kwenda kwa anayeirekebisha. Tuzo ya Mziba Ufa. Ikikatwa inabaki Mziba Ufa, na “yeye ndiye Mziba Ufa wa mwaka” ni sentensi ambayo mtu anaweza kuibeba hadi nyumbani.

Lugha yake pia mwiamue mapema. Cheti kikiwa cha Kiingereza, msilitafsiri jina. Methali ikitafsiriwa neno kwa neno hupoteza nguvu. Liacheni kama lilivyo, kama tunavyoacha Harambee kwenye nembo ya taifa, na chini yake wekeni maelezo ya tuzo kwa lugha mnayotumia ofisini.

Maelezo hayo ndiyo yanayolinda jina, na yatoshe sentensi mbili tatu. Kwa kampuni yetu ya mfano yangesomeka hivi:

“Tuzo ya Mziba Ufa hutolewa mara moja kwa mwaka kwa mfanyakazi au kikundi cha wafanyakazi walioona kasoro kabla haijaleta hasara au madhara, wakamjulisha anayehusika, na wakaifuatilia hadi ikarekebishwa. Cheo, idara na muda wa ajira havizingatiwi. Aliyesababisha kasoro kwa makusudi au aliyeificha hastahili.”

Maneno “kabla haijaleta hasara” yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Yaondoeni na mwaka wa pili tuzo itakwenda kwa shujaa aliyezima moto. Aliyekesha siku mbili kuokoa shehena anaonekana na kila mtu; aliyebadilisha mpira wa mlango wiki tatu kabla haonekani, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Shujaa wa moto apongezwe, apewe barua na siku za mapumziko, lakini si kwa tuzo hii. Nayo ile sentensi ya mwisho isionekane kali kupita kiasi: aliyekosea mwenyewe, akasema na kurekebisha, anastahili kabisa. Tukimfungia mlango tutakuwa tumewafundisha watu kuficha.

Fomu ya mapendekezo ifuate maelezo hayo na isizidi maswali matatu: kasoro gani na tarehe gani, alimjulisha nani, ushahidi uko wapi, yaani daftari, ujumbe au ankara. Sehemu ya “eleza tabia yake” iondoeni. Hapo ndipo majina ya watu hurudi kwa mlango wa nyuma.

Na yule msimamizi wetu aliyestaafu? Kumuenzi ni haki, ila apewe kitu kisichohitaji mshindi. Chumba cha mafunzo cha stoo kiitwe kwa jina lake. Au wekeni kibao karibu na mlango wa kupakia, kieleze alichofanya kwa sentensi moja, pamoja na kile kipimo cha nyuzi 2 hadi 8. Mkitaka fedha ihusike, anzisheni ufadhili wa mafunzo kwa jina lake wenye muda uliotajwa, tuseme miaka mitano, ili ukiisha uwe umetimia na usionekane umekatwa. Mwenyewe akubali kwa maandishi, na kama amefariki, familia ikubali, wakijua pia kwamba kibao kinaweza kuhama kampuni ikihama.

Wapo kati yenu ambao tuzo zao tayari zina jina la mtu. Msianze na bodi. Anzeni na mwenyewe au familia yake, ana kwa ana, kabla jambo halijaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kwa sababu kumbukumbu huvuja. Msiende na habari ya kuondoa jina. Nendeni na pendekezo kamili la mahali jina linapokwenda na tarehe ya kufika huko. Washindi wa zamani wasibadilishiwe chochote: ngao zao na vyeti vyao vibaki na jina walilopewa, na kwenye ubao wa washindi pawe na mstari unaoonyesha mwaka ambao jina lilibadilika. Kukwangua majina ya zamani ili ubao ulingane ni kuwadhulumu watu ambao hawakuhusika.

Kwenye kanuni wekeni pia kwamba maelezo ya tuzo yatapitiwa kila baada ya miaka mitano, na kwamba mwanachama wa kamati hapendekezwi mwaka anaoketi humo. Jina la tuzo lisibadilishwe na mtu mmoja, hata akiwa mkurugenzi mkuu. Iwe kamati pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi.

La mwisho ni kuhusu ubao. Utafika mwaka ambao mapendekezo yote ni ya kuzima moto au hayana tarehe. Mwaka huo msitoe tuzo. Uandikwe mwaka, na nafasi ya jina iachwe tupu. Mwambieni fundi tangu mwanzo kwamba vibao vidogo vya majina vifungwe kwa skrubu, visigundishwe, na mwagize viwili vya ziada visivyoandikwa.

Asanteni. Tuna dakika ishirini za maswali, na ningependa aanze mtu wa zamu ya usiku, kama yupo.